Pengo linataka "to" au "-ing"? Kukitafuta chanzo cha kosa

Ninaposahihisha zoezi la Kiingereza la kujaza mapengo, siweki alama ya kosa kwenye jibu moja moja hadi nimeyatazama makosa yote kwa pamoja. Jibu moja lililokosewa halisemi mengi. Lakini mwanafunzi aliyeandika "enjoy to swim", "finish to write" na "avoid to talk" kwenye ukurasa mmoja ana ugonjwa mmoja tu, na dawa yake si ile ya mwenzake aliyeandika "decided going" na "hope seeing". Kwa hiyo anza hapo: kusanya makosa yako ya zoezi la mwisho, uone yanafanana na dalili ipi kati ya hizi.

Dalili ya kwanza: karibu kila pengo umelijaza "to"

Chanzo ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina "ku-" moja inayofanya kazi zote mbili. Tunasema "nataka kuogelea" na tunasema "nafurahia kuogelea", na neno halibadiliki hata herufi. Shuleni tuliambiwa kwamba "to" ndiyo "ku-", basi kila tunapoisikia "ku-" kichwani mkono unaandika "to". Kiingereza kimezigawa kazi hizo: "I want to swim" lakini "I enjoy swimming".

Habari njema ni kwamba Kiswahili nacho kinaijua tofauti hii, ila kimeificha mahali pengine. Chukua sentensi yako, iondoe "ku-", kisha ujaribu kuweka kitenzi cha pili katika umbo la kutaka jambo lifanyike, lile linaloishia na "-e": niende, asome, tuondoke. "Nataka niogelee" inakubalika. "Tuliamua tuondoke" inakubalika. "Walikubali walipe" inakubalika. Sasa jaribu "nafurahia niogelee", au "amemaliza aandike", au "anaepuka aongee". Sikio linakataa papo hapo.

Kitenzi kinachokubali "-e" kwa kawaida huchukua "to" kwenye Kiingereza. Vivyo hivyo kinachokubali "-ta-": "natumaini nitapata", "aliahidi atarudi", "wanatarajia watashinda". Ndiyo maana tunaandika "hope to get", "promised to return", "expect to win". Kinachokataa vyote viwili kwa kawaida huchukua "-ing".

Sababu ya mgawanyo huu si ya kukariri. Hii "to" ya vitenzi ilitokana na kihusishi cha mwelekeo, kile kile kilichomo kwenye "I go to the market". Hadi leo inabeba ile hali ya kuelekea. Mtu anayetaka, anayeamua, anayeahidi au anayetumaini amesimama hapa na tendo liko mbele yake, halijatendeka. Umbo la "-ing" kwa upande wake hulichukua tendo kama kitu kilichopo, unachoweza kukishika, kukiweka pembeni au kukimaliza.

Tazama vitenzi vichache kwa karibu. Kwa "enjoy", furaha inatoka kwenye jambo lenyewe linapoendelea, hivyo ni lazima liwepo: "She enjoys cooking". Kwa "finish", huwezi kumaliza kisichoanza: "We finished eating". Kwa "avoid", tendo ni kama shimo lililopo njiani na wewe unalizunguka: "He avoided answering". Kwa "mind", unaulizwa kama jambo fulani linakukera, na jambo hilo linawekwa mbele yako zima zima: "Do you mind waiting?" Kwa "admit" na "deny" tendo linasemwa kuwa limeshatendeka, na Kiswahili kinathibitisha kwa kuruhusu "-li-": "alikiri kwamba aliiba", "alikana kwamba aliiba". Kwa hiyo "he admitted stealing", "he denied stealing". Hii "-li-" iweke akilini, tutaihitaji tena.

Dalili ya pili: kipimo cha "-e" kimekudanganya

Kipimo hicho ni cha huduma ya kwanza, na kina mipaka yake. Kuna vitenzi vichache vinavyokivunja, na bahati mbaya ndivyo watunga mitihani wanavyovipenda.

Cha kwanza ni "suggest". Kwa Kiswahili "napendekeza twende" ni sentensi safi kabisa, basi kipimo kinasema "to". Jibu sahihi ni "I suggest going". Sababu ni kwamba "suggest" haimsukumi mtu kuelekea tendo. Inaliweka wazo mezani ili watu walitazame, na wazo lililo mezani ni kitu. Kosa lake la pili ni kubwa zaidi: "She suggested me to see a doctor". Sisi husema "alinishauri nimwone daktari", tukabeba "me" na "to" pamoja. Lakini "suggest" haikubali mtu akae moja kwa moja baada yake. Ukitaka kumtaja mtu, sema "She suggested that I see a doctor". Ukiwa huna haja ya kumtaja, "She suggested seeing a doctor". Kama sentensi ina nafasi ya mtu na "to", kitenzi kinachofaa ni "advise": "She advised me to see a doctor".

Cha pili ni "consider". "Nafikiria nihame" inapita kwa Kiswahili, na kuhama kwenyewe bado kuko mbele. Hata hivyo ni "I'm considering moving", kwa sababu ile ile ya mezani: unaligeuzageuza wazo, hujaanza kulielekea. Ukishaamua, kitenzi kinabadilika na umbo linabadilika nacho: "I've decided to move". Ukiziweka sentensi hizi mbili pamoja utaona hatua ambayo "to" inaionyesha.

Upande wa pili kuna vitenzi vinavyokataa "-e" lakini vinachukua "to": "manage", "fail", "learn" na "afford". Huwezi kusema "alifaulu afungue mlango", lakini Kiingereza ni "he managed to open the door". Hapa "to" bado ni ya mwelekeo. "Manage" ni kufika ulikokuwa unakwenda, baada ya taabu. "Fail" ni kutofika. "Learn" ni kufikia uwezo usiokuwa nao. "Afford" ni kuwa na fedha au muda wa kutosha kulifikia jambo. Vyote vinne vina safari ndani yake, tofauti ni kwamba baadhi vinazungumza ukiwa mwisho wa safari. Mimi huwaambia wanafunzi wavikariri hivi vinne kama kundi, kisha waendelee kukiamini kipimo kwa vilivyobaki.

Dalili ya tatu: uliona "to" tayari imeandikwa, ukaweka kitenzi kitupu, ukakosa

Sentensi ni hii:

```
I look forward to ______ you next week.   meet
```

Wengi huandika "meet", na naelewa kwa nini. "To" ipo, kitenzi kinafuata, kila kitu kinaonekana kama tulivyofundishwa. Jibu ni "meeting".

Chanzo ni kwamba kuna "to" mbili zenye sura moja. Moja ni ya kitenzi, nyingine ni kihusishi kama "at", "in" na "without". Baada ya kihusishi Kiingereza kinataka jina, na kitenzi kikitaka kukaa mahali pa jina lazima kivae "-ing". Ndiyo maana ni "good at drawing", "without looking", "insist on paying". Sheria hiyo kwenye "at" na "on" haisumbui watu. Inasumbua kwenye "to" kwa sababu tu ya sura yake.

Kuzitofautisha ni kazi ya sekunde moja: weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" ni sentensi kamili, kwa hiyo "to" hiyo ni kihusishi na pengo linataka "-ing". "I want to it" haina maana yoyote, kwa hiyo "to" hiyo ni ya kitenzi na pengo linataka kitenzi kitupu.

Kipimo hiki kinamaliza pia ule mgogoro wa "used to" unaowachosha watu miaka mingi. "I used to live alone" maana yake zamani nilikuwa nikiishi peke yangu. Jaribu "I used to it" kwa maana hiyo ya zamani: haisimami, basi kitenzi kitupu. "I am used to living alone" maana yake nimeshazoea. Jaribu "I am used to it": inasimama, basi "-ing". Kwenye mtihani tazama kama kuna "am", "is", "was", "get" au "got" kabla ya "used". Ikiwepo, na sentensi inazungumzia mazoea, jibu ni "-ing". Wengine wa familia hii ni "object to" na "when it comes to".

Dalili ya nne: maumbo yote mawili yanaingia, na umechagua lisilo sahihi

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa kukariri orodha hakusaidii kitu. Kitenzi kimoja kinakubali "to" na kinakubali "-ing", lakini maana inageuka. Anayetunga zoezi huacha kidokezo kwingineko kwenye sentensi, na ni kidokezo hicho unachotakiwa kukisoma.

Anza na "stop". "He stopped smoking": aliacha kuvuta. "He stopped to smoke": alisimama avute. Umeona "-e" imejitokeza yenyewe? Katika sentensi ya kwanza kuvuta ndicho kitu kilichokatizwa, kwa hiyo kilikuwepo, kwa hiyo "-ing". Katika ya pili kuvuta ndiko alikokuwa anaelekea, na kilichokatizwa ni kitu kingine, labda mwendo au kazi. Kidokezo mara nyingi ni kutajwa kwa safari au shughuli iliyokuwa ikiendelea. "On the way home we stopped ______ some bread" haiwezi kuwa "buying", kwa sababu hakuna aliyekuwa akinunua mkate muda wote wa njiani.

"Remember" inapimwa na "-e" upande mmoja na "-li-" upande wa pili. "Kumbuka uzime taa" ni agizo la jambo ambalo halijafanyika: "Remember to switch off the light". "Nakumbuka nilizima taa" ni picha ya jambo lililokwisha: "I remember switching off the light". Ukitafsiri zote mbili kwa "kumbuka kuzima" unapotea, maana "ku-" haikuambii ni wakati gani. Ukilazimisha kuchagua kati ya "uzime" na "nilizima", jibu linajitokeza.

"Forget" hufuata njia hiyo hiyo, ila "-ing" yake huonekana zaidi kwenye kukana, kama "I'll never forget meeting her", yaani sitasahau siku niliyokutana naye. Ukiona "forget" bila "never" au kitu cha namna hiyo, mara nyingi ni jambo lililotakiwa lifanyike likasahaulika: "I forgot to call".

"Regret" nayo ina pande mbili. Barua ya kukataliwa kazi husema "We regret to inform you", kwa kuwa habari mbaya ndiyo inakuja sasa hivi, iko mbele ya sentensi. Mtu anayejuta alilosema jana husema "I regret saying that". Kwenye mapengo, "regret to" huandamana karibu kila mara na "say", "tell" au "inform". Kitenzi kingine chochote kikifuata, nenda na "-ing".

Kwa "try" kipimo chetu hakisaidii, kwa hiyo soma maana. "I tried to open the window": nilihangaika kulifungua, na huenda halikufunguka. "I tried opening the window, but the room was still hot": nilifungua bila shida, nilikuwa napima tu kama kutasaidia. Swali la kujiuliza ni kipi kilichoshindikana. Kama tendo lenyewe ndilo gumu, ni "to". Kama tendo ni rahisi na matokeo ndiyo hayakupatikana, ni "-ing".

Vipo pia vinavyokubali yote mawili bila maana kubadilika sana: "begin", "start", "continue", "like", "love", "hate". Usivipotezee muda. Jihadhari na kimoja tu: "would" ikitangulia "like", "love" au "hate", kama "I'd like", jibu ni "to", maana hapo unazungumzia unachokitaka sasa, "ningependa niende".

Dalili ya tano: kuna mtu katikati

Tazama jozi hii:

```
They don't allow ______ here.       park
They don't allow us ______ here.    park
```

Ya kwanza ni "parking", ya pili ni "to park". Kitenzi ni kile kile "allow". Bila mtu, kinachokatazwa ni jambo lenyewe, nalo linakaa mahali pa jina. Akitokea mtu, yeye ndiye anayeruhusiwa au kuzuiwa kulielekea tendo, na "to" inarudi. "Advise" na "recommend" hufuata mkondo huo. Kwa hiyo kabla ya kujaza, angalia kama kati ya kitenzi na pengo kuna "me", "him", "us" au jina la mtu. Wanaokosa hapa wameliona "allow" tu, wakaacha kusoma neno linalofuata.

"Make" na "let" hukaa peke yao: mtu akifuata, kitenzi huwa kitupu, bila "to" wala "-ing". "She made him wait", "Let me explain". Lakini "make" ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" inajitokeza: "He was made to wait".

Zoezi moja, pengo kwa pengo

```
Asha finished 1____ the report at nine and decided 2____ home.
On the way she stopped 3____ some water, because she had gone
all day without 4____ anything. At her gate she realised she
had forgotten 5____ the office. She remembered 6____ the lights
off, but the door was another matter. Her brother suggested
7____ the guard. "Let's do that," she said. "I'm not used to
8____ out at this hour."

1 write  2 walk  3 buy  4 drink  5 lock  6 switch  7 call  8 go
```

Pengo la 1: "amemaliza aandike" haisemeki, na ripoti ni lazima ilikuwepo ndipo imalizwe. "Writing", na usiisahau "e" inayodondoka kwenye tahajia, maana alama hupotea hapo pia. La 2: "aliamua atembee" inapita, "to walk". La 3: maneno "on the way" yanatuonyesha kwamba kilichosimama ni mwendo, alisimama anunue, "to buy". La 4: "without" ni kihusishi, hakuna cha kufikiri, "drinking".

La 5 na la 6 zimewekwa jirani kwa makusudi. Mlango ulitakiwa ufungwe, na haukufungwa: "to lock". Taa alizizima, picha anayo kichwani, na ndiyo maana sentensi inaendelea kwa "but the door was another matter". Neno hilo "but" linapambanisha lililofanyika na lisilofanyika, kwa hiyo "switching". Aliyeandika "to switch" amelisoma pengo bila kuisoma nusu ya pili ya sentensi, na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kwenye zoezi la namna hii, hata kwa wanaojua sheria vizuri.

La 7: kaka hamsukumi mtu, anaweka wazo mezani, na hakuna mtu kati ya "suggested" na pengo. "Calling". La 8: kuna "I'm" kabla ya "used", na "I'm not used to it" inasimama vizuri, kwa hiyo "going".